Mirathi ya mume aliyeacha wake wawili na watoto bila wasia: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa familia ya Kiislamu ya Tanga

Mwanamume Mwislamu wa Tanga anapofariki bila wasia, akaacha wake wawili na watoto kwa kila mke, jambo la kwanza linalosemwa katika vikao vingi ni kwamba mali igawanywe nyumba kwa nyumba: watoto wa mke mkubwa wachukue nusu na watoto wa mke mdogo wachukue nusu. Rai hiyo huonekana ya haki na hutolewa kwa nia njema, lakini si mgawanyo wa Kiislamu, na familia inayoanzia hapo huishia kumpunja mtoto wa upande wenye watoto wengi. Katika mirathi ya Kiislamu wake hushirikiana fungu moja, na watoto wote humrithi baba yao mmoja mmoja, bila kujali wamezaliwa na mama yupi. Mwongozo huu unafuata msingi huo tangu siku za msiba hadi faili linapofungwa, kwa kutumia mfano mmoja wa kutungwa ambao hesabu zake zinaweza kufuatwa na mtu yeyote mwenye karatasi na kalamu.

Katika mfano wetu, marehemu alikuwa akiishi Ngamiani, jijini Tanga. Mke mkubwa anaishi katika nyumba ya Ngamiani, yenye vyumba vya kupangisha, na amezaa na marehemu mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, ambao wote ni watu wazima. Mke mdogo anaishi Pongwe katika nyumba ndogo aliyojengewa, naye ana mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wote wakiwa bado shuleni. Mama mzazi wa marehemu yu hai, baba alikwishatangulia, na marehemu ana ndugu wawili wa kiume. Ameacha pia shamba la michungwa Muheza na akiba benki.

Hatua ya kwanza: kujua sheria ipi inatumika

Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi kwa watu wote. Mali ya marehemu huweza kugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, kwa sheria ya mila, au kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi: ndoa zake zilifungwa vipi, aliswali, alizikwa kwa taratibu zipi, na je, aliwahi kuonyesha kwa maneno au vitendo kwamba angependa mali yake ifuate njia fulani. Jina la Kiislamu peke yake halimalizi hoja, na kabila la mtu halimalizi hoja pia.

Tofauti yake ni kubwa. Chini ya kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, mjane kwa kawaida hana fungu lake katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake, bali hutegemea kutunzwa na watoto wake. Chini ya sheria ya Kiislamu mjane ni mrithi mwenye fungu lililotajwa katika Kurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 12. Kwa hiyo ndugu wa mume anaposema katika kikao kwamba "kwetu wajane hawarithi", ajibiwe mapema na kwa maandishi kwamba marehemu aliishi na kuzikwa kama Mwislamu, na mashahidi wa hilo watajwe. Katika mfano wetu hakuna ubishi: ndoa zote mbili zilifungwa kwa nikaha, na maziko yalikuwa ya Kiislamu.

Hatua ya pili: kuwatambua warithi kabla ya kutaja shilingi

Andika orodha ya kila aliyekuwa hai wakati marehemu anakata roho. Wakati huo ndio unaoamua urithi, hata kama ugawaji utafanyika baada ya miaka mingi.

Wake wote wawili huingia iwapo ndoa zilikuwa hai siku hiyo. Mke aliyekuwa amerudi kwao kwa ugomvi lakini hajapewa talaka bado ni mke na anarithi sawasawa na mwenzake. Mke aliyepewa talaka rejea na akawa bado yumo ndani ya eda wakati mume anafariki anarithi pia. Aliyekwisha kutoka katika eda, au aliyeachwa talaka tatu, harithi. Ndoa isiyo na cheti haifi kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa kutokusajili ndoa hakuibatilishi. Walii, sheikh aliyefungisha na mashahidi wa nikaha wanaweza kuithibitisha, na ushahidi wao ni vyema uandikwe wakiwa bado wanapatikana. Suala hili humwangukia zaidi mke mdogo, ambaye mara nyingi ndoa yake ilifungwa kwa faragha na wakwe zake wakaijua baadaye.

Mama wa marehemu ni mrithi, na asiachwe nje kwa sababu ni mzee au kwa sababu "anatunzwa na wanawe". Ndugu wa kiume wa marehemu hawarithi kitu, kwa kuwa mtoto wa kiume wa marehemu huwazuia. Watoto wa kambo waliolelewa na marehemu hawarithi kwa damu wasiyokuwa nayo. Mjukuu ambaye baba yake alifariki kabla ya babu naye huzuiwa na ami zake walio hai, na hili huumiza familia nyingi. Kinachowezekana ni warithi watu wazima kumpa kitu kutoka katika mafungu yao wenyewe, na aya ya 8 ya Sura ya An-Nisaa inahimiza kuwapa jamaa, mayatima na maskini wanaohudhuria ugawaji.

Mambo mawili yasifichwe. La kwanza ni ujauzito: ikiwa mmoja wa wake ni mjamzito, njia salama ni kusubiri mtoto azaliwe, kwa sababu kuzaliwa kwake hubadilisha fungu la kila mtoto mwingine. La pili ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa sheria ya Kiislamu hamrithi baba, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya kadiri kutoka katika mali ya mzazi wake. Njia hizo mbili zinapokutana, anayepaswa kuamua ni hakimu. Familia inayomficha mtoto huyo hujitengenezea kesi ya kufufua mirathi iliyokwisha kugawanywa.

Hatua ya tatu: kutenganisha mali ya marehemu na isiyokuwa yake

Hapa ndipo ningemshauri kila mtu atumie muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Mafungu yamekwisha kupangwa na hayana mjadala mkubwa, ila mali inayoingia katika mafungu hayo huwa imechanganyika na ya watu wengine.

Anza na mali ya wake wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake, na mali iliyoandikwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Kiwanja alichonunua mke kwa faida ya duka lake hakiingii katika mirathi ya mumewe. Ikiwa mke mkubwa alichangia fedha kujenga nyumba ya Ngamiani, dai lake hushughulikiwa kwanza, kabla ya kugawa, wala halichanganywi na urithi wake. Anapaswa kuonyesha alichochangia: stakabadhi za saruji na mabati, makubaliano na fundi, au watu walioshuhudia. Asidhani kwamba fungu lake la mjane linafidia mchango huo. Hizo ni haki mbili tofauti.

Kisha yaje maneno ya marehemu. Mara nyingi mke mdogo husema: "Baba watoto aliniambia nyumba hii ya Pongwe ni yangu." Kauli hiyo inaweza kuwa hiba, inaweza kuwa wasia, na inaweza kuwa faraja tu ya mume kwa mkewe. Ili iwe hiba, mume lazima awe ametamka kumpa, mke awe amepokea, na nyumba iwe imekabidhiwa kwake wakati mume akiwa mzima, kwa namna inayoonekana: hati ya kukabidhi iliyoshuhudiwa, au kubadilishwa kwa jina. Ikiwa alikusudia apewe baada ya kufa kwake, huo ni wasia kwa mrithi, na kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani haupiti ila warithi wengine watu wazima wauridhie baada ya kifo. Kuishi ndani ya nyumba peke yake si ushahidi wa kupewa, kwa sababu kila mke huishi katika nyumba ya mumewe. Katika mfano wetu hapakuwa na hati wala shahidi, kwa hiyo nyumba ya Pongwe inabaki kuwa mali ya marehemu.

Baada ya kutenganisha, mali ya marehemu ilithaminiwa hivi: nyumba ya Ngamiani shilingi 44,000,000, nyumba ya Pongwe shilingi 14,000,000, shamba la Muheza shilingi 9,000,000, na fedha za benki shilingi 4,000,000. Jumla ni shilingi 71,000,000. Thamani iwe ya bei ambayo mnunuzi wa kweli angetoa sasa, na itolewe na mtu asiye mrithi. Bei anazotaja mrithi anayeitaka nyumba huwa za chini, na za mrithi anayetaka nyumba iuzwe huwa za juu.

Hatua ya nne: kulipa kabla ya kurithi

Mali ya marehemu hutoa kwanza gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia kama upo, na kinachobaki ndicho urithi. Gharama za maziko ni sanda, kuosha, kuchimba kaburi na usafiri wa mwili kwa kiasi cha kawaida. Chakula cha hitima na cha arobaini hakimo. Kikitolewa, kitoke katika mifuko ya watu wazima wanaotaka kufanya hivyo, kwa kuwa shilingi inayotolewa katika mali ambayo haijagawanywa ni shilingi ya mayatima pia.

Madeni hutafutwa. Tangazo la msikitini au makaburini la kumtaka anayemdai marehemu ajitokeze ni desturi nzuri, ila lifuatwe na daftari ambamo kila dai linaandikwa pamoja na ushahidi wake. Kwa mkopo wa benki au Saccos, uliza kwanza kama ulikatiwa bima ya maisha, maana mikopo mingi ina bima inayolipa salio mkopaji anapofariki, na familia huweza kulipa deni ambalo lilikwisha kulipwa.

Lipo deni moja ambalo hukumbukwa mara chache: mahari iliyobaki. Ikiwa nikaha ilitaja mahari na sehemu yake haikulipwa, sehemu hiyo ni deni la mke juu ya mali ya mumewe, sawa na deni la mtu baki, na hulipwa kabla ya mirathi. Angalia cheti cha ndoa au uwaulize mashahidi. Katika mfano wetu maziko yaligharimu shilingi 800,000, mkopo wa Saccos usio na bima ulikuwa shilingi 2,500,000, na mahari ya mke mdogo iliyobaki ilikuwa shilingi 500,000. Jumla ni shilingi 3,800,000, zote zikalipika kutoka benki. Zikabaki fedha taslimu shilingi 200,000, na mirathi halisi ikawa shilingi 67,200,000.

Hatua ya tano: kwenda Mahakama ya Mwanzo

Fedha za benki zilizotajwa hapo juu hazitoki kwa kikao cha familia peke yake. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusimamia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila iwapo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu katika eneo lake. Kwa hiyo familia hii huenda Tanga Mjini, ingawa shamba liko Muheza. Baraza la masheikh au kadhi anaweza kuandika mchanganuo wa mafungu, na mahakimu huutumia mara kwa mara, lakini Tanzania Bara kadhi hana mamlaka ya dola ya kumteua msimamizi wa mirathi.

Mwombaji huchukua cheti cha kifo kilichotolewa na RITA, muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na waliohudhuria, na hujaza Fomu Na. I ambayo huwataja warithi na mali. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pasipokuwa na pingamizi, au likisikilizwa na kuamuliwa, msimamizi hupewa barua ya usimamizi katika Fomu Na. IV. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Kwa familia ya wake wawili ningependekeza wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande. Sheria inaruhusu kuteua zaidi ya mmoja, na palipo na chuki kubwa mahakama inaweza kumteua mtu mwaminifu asiye na upande. Msimamizi mmoja anayetoka upande wa mke mkubwa, hata awe mwadilifu kiasi gani, hutiliwa shaka kila anapokusanya kodi bila wa upande wa pili kujua. Kikao cha familia kiwashirikishe wake wote wawili. Mke aliye katika eda, ambayo kwa mjane ni miezi 4 na siku 10 kama si mjamzito, anaweza kumtuma mwakilishi kwa maandishi, lakini eda isiwe sababu ya kuandika muhtasari bila kumtaja. Muhtasari unaomtaja mke mmoja tu ni ishara ya kwanza ya mirathi inayokwenda mrama, na mke aliyeachwa aende mahakamani aweke pingamizi mara moja, bila kusubiri hadi barua itolewe.

Msimamizi si mrithi mkuu wala si mmiliki. Barua ile inampa kazi ya kukusanya, kulipa na kugawa. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imeongeza muda, hupaswa kuwasilisha Fomu Na. V yenye mali yote na madeni yote. Mrithi yeyote anaweza kwenda masjala kuuliza kama fomu hiyo imewasilishwa. Isipokuwapo baada ya muda huo, au mali fulani isipotajwa humo, mrithi ana sababu ya kuomba msimamizi aitwe kujieleza, na mahakama inaweza kutengua uteuzi wake kwa sababu ya msingi.

Hatua ya sita: hesabu ya mafungu

Kwa kuwa marehemu ana watoto, wake wote kwa pamoja hupata thumuni, yaani moja ya nane, nao huigawa sawasawa. Kila mke hapati thumuni yake. Lau marehemu asingekuwa na mtoto yeyote, wangegawana robo. Mtoto wa mke mmoja anatosha kuwashusha wake wote kutoka robo hadi thumuni, na mke asiye na mtoto hapati pungufu ya mwenzake. Urefu wa ndoa hauongezi kitu.

Mama, kwa kuwa mwanawe ameacha watoto, hupata sudusi, yaani moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, kila mtoto wa kiume akipata mara mbili ya mtoto wa kike.

Namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita ni 24. Gawa mirathi katika sehemu 24: shilingi 67,200,000 ukigawa kwa 24 unapata shilingi 2,800,000 kwa kila sehemu. Sudusi ya mama ni sehemu 4, ambazo ni shilingi 11,200,000. Thumuni ya wake ni sehemu 3, yaani shilingi 8,400,000, na kila mke anapata shilingi 4,200,000. Zinabaki sehemu 17, ambazo ni shilingi 47,600,000 za watoto.

Watoto wa kiume ni wawili, nao huhesabiwa kuwa wanne. Wa kike ni watatu. Jumla ya hesabu ni saba. Shilingi 47,600,000 ukigawa kwa saba unapata 6,800,000, ndilo fungu la kila binti, na kila mtoto wa kiume anapata shilingi 13,600,000. Hakiki kwa kujumlisha: mama 11,200,000, wake 8,400,000, mabinti watatu 20,400,000, wavulana wawili 27,200,000. Inarudi 67,200,000. Mchanganuo wowote usiorudi kwenye jumla hiyo una kosa, na usisainiwe.

Sasa rudi kwenye rai ya nyumba kwa nyumba. Mke mkubwa na watoto wake watatu wanapata jumla ya shilingi 31,400,000. Mke mdogo na watoto wake wawili wanapata shilingi 24,600,000. Tofauti hiyo ni ya binti mmoja tu aliyezidi upande wa mke mkubwa, ambaye mgawanyo wa nusu kwa nusu ungelimega fungu lake.

Je, kama mama angekuwa ametangulia kufa kabla ya mwanawe? Wake wangebaki na shilingi 4,200,000 kila mmoja, na sudusi ile ingerudi kwa watoto: mabinti shilingi 8,400,000 kila mmoja na wavulana shilingi 16,800,000. Lakini kama mama alikuwa hai siku ya kifo cha mwanawe, kisha akafariki kabla ya ugawaji, shilingi zake 11,200,000 haziyeyuki wala hazirudi kwa wajukuu. Zinakwenda kwa warithi wa mama. Nao ni ndugu wawili wa marehemu, wale wale ambao katika mirathi ya ndugu yao hawakuwa na kitu, huku wajukuu wakizuiwa na ami zao. Hilo linaitwa munasakha, na ndiyo hasara ya wazi ya kuchelewesha mirathi: ndugu wanaingia ndani ya nyumba ya Ngamiani wakiwa na haki kamili ya kudai sehemu. Anayewalaumu kwa tamaa awaulize kwanza walioiacha mirathi ilale.

Hatua ya saba: kugeuza mafungu kuwa mali

Fedha hugawanyika, ila nyumba haikatwi vipande vya 4,200,000. Njia rahisi kisheria ni kuuza vyote na kugawa fedha, lakini mjane na watoto wanaosoma wangebaki bila paa. Njia inayofaa zaidi ni warithi kupokea mali kwa thamani iliyokubaliwa, na anayepokea zaidi ya fungu lake kulipa tofauti.

Katika mfano wetu, mke mdogo na watoto wake wanachukua nyumba ya Pongwe ya shilingi 14,000,000, na bado wanadai shilingi 10,600,000. Mama anachukua shamba la shilingi 9,000,000 na anadai shilingi 2,200,000. Mke mkubwa na watoto wake wanachukua nyumba ya Ngamiani ya shilingi 44,000,000 wakati fungu lao ni 31,400,000, kwa hiyo wanapaswa kutoa shilingi 12,600,000. Ukiongeza shilingi 200,000 taslimu zilizobaki benki unapata 12,800,000, ambazo ndizo hasa zinazodaiwa na pande hizo mbili. Wakikosa fedha hizo kwa mkupuo, wanaweza kukubaliana kulipa kwa kodi ya vyumba, kwa mkataba wenye kiasi cha kila mwezi, tarehe ya mwisho na kifungu kinachosema kwamba nyumba itauzwa wasipolipa, na makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yaingie kwenye faili. Ahadi ya mdomo kati ya nyumba mbili haipiti mwaka.

Kodi iliyokusanywa tangu siku ya kifo nayo ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Anayeishi Ngamiani na kupokea kodi hana haki ya kuila peke yake, na hili ndilo dai ambalo mke mdogo huwa halijui kabisa.

Watu wazima wanaweza kusamehe sehemu ya haki yao, kama vile dada kumwachia kaka, mradi ajue kiasi kamili anachoacha na asishinikizwe kwa kuambiwa kwamba kudai ni kukosa adabu. Binti apewe kwanza hesabu ya shilingi 6,800,000 mkononi, ndipo aulizwe. Watoto wa mke mdogo hawawezi kusamehe kitu kwa kuwa hawajafikia umri, na mama yao hawezi kusamehe kwa niaba yao. Nyumba ya Pongwe isiandikwe jina la mama peke yake: shilingi 4,200,000 tu ndani yake zinaweza kuwa zake, na zilizosalia ni za watoto. Fedha zao za fidia ziwekwe katika akaunti yao, na matumizi ya shule na matibabu yawekewe kumbukumbu.

Hatua ya nane: kufunga

Baada ya kila mrithi kupokea na kusaini, wasimamizi huwasilisha Fomu Na. VI, inayoonyesha kilichoingia, kilicholipwa na kilichogawiwa kwa kila jina. Warithi waitwe na mahakama waithibitishe kwa vinywa vyao, kisha faili lifungwe. Nyumba yenye hati huhamishwa kwa Msajili wa Hati kwa kutumia barua ya usimamizi na mchanganuo uliopokelewa mahakamani. Shamba la kijijini huhamishwa kupitia serikali ya kijiji, na ni vizuri mpaka wa shamba ukapitiwa siku hiyo hiyo pamoja na majirani, kwa maana wapo wanaosogeza michongoma mwenye shamba anapofariki. Nakala za Fomu Na. V na Na. VI zibaki kwa kila mke, zikiwa na muhuri wa mahakama, mpaka mtoto wa mwisho wa Pongwe atakapofikia umri wa kukabidhiwa chake.